Namba Iliyojitenga Kwenye Chati ya Floraidi: Ioneshwe, Ielezwe au Iondolewe?

Kamati nyingi za maji katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru zimewahi kupokea karatasi ya majibu ya maabara yenye safu ya floraidi. Kabla ya mkutano wa kijiji, mtu mmoja hupewa kazi ya kuigeuza safu hiyo kuwa chati ambayo kila mtu ataielewa. Akishaichora, anakuta nguzo moja au mbili zimepaa hadi juu ya karatasi, na zilizobaki zimelala chini kama nyasi iliyofyekwa. Kinachomjia haraka ni kuzifuta hizo ndefu ili chati "ikae vizuri". Naomba asifute kwanza. Kwa maji yetu ya Arusha, nguzo hiyo ndefu yaweza kuwa kosa la mwandishi, na yaweza pia kuwa ndiyo habari kuu ya mkutano mzima.

Nitatumia mfano mmoja. Namba zake nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, si majibu ya kijiji chochote. Tuseme vyanzo 12 vimepimwa, na floraidi kwa miligramu kwa lita imesomeka hivi: 0.8, 1.1, 1.2, 1.3, 1.4, 1.7, 1.9, 2.2, 2.6, 3.1, 14.5 na 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni isizidi 1.5. Ikizidi hapo kwa miaka mingi, watoto wanaokua huota meno yenye madoa ya kahawia, na ikipanda zaidi, mifupa nayo huanza kuharibika, na ikivuka 10 yaweza hata kumlemaza mtu.

Wastani wa namba hizo 12 ni 4.65. Ukizifuta mbili za mwisho, wastani unashuka hadi 1.73. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha uamuzi wa mkutano: 4.65 inasema kijiji kiko kwenye hatari kubwa, 1.73 inasema tumezidi kidogo tu. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza hali halisi ya kijiji hicho. Ndiyo maana swali la kufuta au kutofuta halianzii kwenye chati. Linaanzia kwenye daftari la aliyechota sampuli.

Watu wa takwimu wana kanuni ya kutambua namba zilizojitenga, iliyoenezwa na Mmarekani John Tukey. Unazipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuzigawa nusu mbili. Unatafuta katikati ya nusu ya chini, hapa ni 1.25, na katikati ya nusu ya juu, hapa ni 2.85. Tofauti yake ni 1.6. Unaizidisha mara 1.5, unapata 2.4, kisha unaijumlisha kwenye 2.85. Chochote kilichozidi 5.25 kimejitenga. Kwa hiyo 14.5 na 24 zote zimenaswa. Kanuni hii imeshamaliza kazi yake hapo. Imekuonesha pa kwenda kuuliza, haijakwambia ufute. Wengi huitumia kama hukumu, na programu za kompyuta huwarahisishia kwa kuziwekea namba hizo alama ya pekee, kana kwamba zimeshapatikana na hatia.

Sasa tuende kuuliza. Tunaanza na 24. Fomu ya maabara yenyewe, ile iliyojazwa kwa kalamu, inaonesha 2.4. Aliyeingiza kwenye kompyuta aliruka nukta. Hata kama fomu ingekuwa imepotea, karatasi ile ile ya majibu ilikuwa na ushahidi mwingine. Uwezo wa maji hayo kupitisha umeme, unaoandikwa EC kwenye mita na hupanda chumvi zilizoyeyuka zikiwa nyingi, ulikuwa sawa na wa visima vya jirani, na kalsiamu yake ilikuwa nyingi. Hapo mjuzi wa maji ya Meru anashtuka. Floraidi yetu hutoka kwenye miamba ya volkano, na hukaa kwa wingi katika maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikiwa nyingi huikamata floraidi, zikaungana na kutuama kama madini. Kisima chenye kalsiamu nyingi na floraidi 24 kwa pamoja ni kitu cha kutilia shaka sana.

Namba hii haifutwi. Inasahihishwa kuwa 2.4 na kubaki kwenye chati, kwa sababu kisima kipo na watu wanakinywea. Naisisitiza tofauti hii kwa sababu watu huichanganya: kosa lenye jibu sahihi linalojulikana hurekebishwa. Kuondoa ni kwa kipimo ambacho kina sababu ya kimaabara ya kutokiamini, kwa mfano kifaa kilishindwa kusoma sawasawa kiowevu cha majaribio ambacho kiwango chake kinajulikana asubuhi hiyo, na hakuna namna ya kurudia.

Halafu 14.5. Fomu inasema 14.5. Sampuli ilipimwa mara ya pili ikatoa jibu karibu na hilo. EC iko juu, kalsiamu iko chini. Kila kitu kinakubaliana. Na jiografia nayo inakubali, maana maji yenye floraidi zaidi ya 10 yamepimwa mara nyingi kwenye miteremko ya Meru, na visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana kwa sababu vinachota kwenye tabaka tofauti za mwamba. Hii si namba mbovu. Ni kisima kibaya, na kaya zinazokitumia ndizo zenye haja kubwa kuliko zote ya kuiona chati. Kuifuta ili nguzo nyingine zionekane ni kuwaficha watu maji wanayokunywa.

Baada ya kusahihisha, wastani ni 2.85, lakini bado hauwaambii watu mengi. Vyanzo 11 viko chini ya 3.2 na kimoja kiko 14.5, hakuna kilicho karibu na 2.85 isipokuwa kile cha 3.1 na cha 2.6. Afadhali useme namba ya katikati ni 1.8, ambayo haikutikisika hata wakati 24 ilikuwa humo, na useme kwamba vyanzo 7 kati ya 12 vimevuka 1.5. Sentensi hiyo ya pili ndiyo mama mwenye ndoo ataondoka nayo.

Kuhusu uchoraji, mimi huacha nguzo na kutumia nukta, kila chanzo nukta yake na jina lake, na mstari mwekundu kwenye 1.5. Nukta ya 14.5 inabaki mahali pake, juu kabisa, na pembeni yake yanaandikwa maneno machache: "14.5, imepimwa mara mbili. Yasinywewe wala kupikiwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi." Maneno ya mwisho yana sababu. Wengi wetu tumelelewa tukijua kuchemsha ndiko kusafisha maji, kumbe kwa floraidi kunapunguza maji na kuiacha imekolea zaidi. Nafasi ya maelezo kwenye chati ni ndogo, basi iwekwe kile ambacho mtu akikikosa atadhurika. Kama nukta za chini zimebanana mno, chora chati ya pili kando, inayoishia 4, na juu yake uandike wazi kwamba kisima fulani hakimo humu kwa sababu kiko 14.5, tazama chati ya kwanza.

Usikate mhimili kimyakimya. Kwenye Excel ukifungua Format Axis na kuandika 5 kwenye Maximum, nguzo ya 14.5 itakatwa pale juu bila alama yoyote, na mtu aliyeketi nyuma ataisoma kuwa 5. Hakuna aliyefuta chochote, lakini kisima kimeshapunguziwa floraidi yake mbele ya watu. Kwa wanaotumia R na ggplot2, mtego unafanana na huo:

```r
ylim(0, 5)
coord_cartesian(ylim = c(0, 5))
```

Mstari wa kwanza huitupa 14.5 kabla ya mahesabu ya chati kufanyika, kwa hiyo hata ukichora chati ya kisanduku, ile inayoonesha namba ya katikati na mipaka ya Tukey, kisanduku hubadilika. Wa pili husogeza tu macho karibu, data zikabaki zote. Onyo dogo linalotokea chini ya skrini kuhusu mistari ya data iliyoondolewa lisipuuzwe.

Kuna aina moja ya namba iliyojitenga inayonitia wasiwasi kuliko zote, na kanuni ya Tukey haiioni kabisa. Tuseme sampuli ya 13 imefika kwa kuchelewa na imeandikwa 0.3. Hakuna anayeishtukia, maana inapendeza. Ukifanya hesabu ya mpaka wa chini, 1.25 ukitoa 2.4, unapata namba iliyo chini ya sifuri. Maana yake hakuna kipimo kidogo kitakachonaswa kamwe. Lakini maabara zinazopima kwa njia ya rangi, ile ya SPADNS, husoma vizuri hadi takriban 2 tu. Maji yanayozidi hapo huongezwa maji safi kwanza, mara nyingi yakawa mara kumi, halafu jibu huzidishwa kwa kumi. Kisanduku cha "imeongezwa mara ngapi" kwenye fomu ya sampuli hii kiko wazi. Basi hiyo 0.3 yaweza kuwa 0.3 kweli, au ni 3.0 ambayo mtu alisahau kuizidisha. Ikiwa EC yake iko juu kuliko ya majirani, shaka inaongezeka.

Hapa jibu la haki ni kupima upya. Kama mkutano ni kesho na barabara imekatika, ionesheni sampuli hiyo kwa nukta tupu isiyojazwa rangi, iandikwe "haijathibitishwa, inapimwa upya", na isiingizwe kwenye hesabu ya vyanzo salama. Kosa la kumwambia mtu maji yake ni mabaya kumbe mazuri litamgharimu safari za ziada za ndoo. Kosa la kinyume chake analipa mtoto, kwa meno yasiyorudi kuwa meupe.

Maamuzi yote haya yaandikwe. Kwenye faili la data pawe na safu ya namba kama ilivyofika, safu ya namba iliyotumika, sababu ya tofauti, na jina la aliyeamua. Namba ya asili isifutwe hata kama ni ya ovyo. Na sharti la kuondoa kipimo liamuliwe kabla ya kuchora, maana ukishaiona chati ikipendeza bila nukta fulani, sababu ya kuiondoa haikosekani.

Jambo la mwisho hufanyika nje ya kompyuta. Kisima cha 14.5 kina mwenyewe, na huenda anauza maji kwa ndoo. Hatuwezi kuficha jina la kisima, kwa sababu wateja wake ndio wanaopaswa kujua, lakini si vizuri akaisikia habari hiyo mara ya kwanza mbele ya kijiji kizima. Mtembeleeni siku moja au mbili kabla, mkiwa na fomu ya maabara mkononi. Aoneshwe vipimo vyote viwili, aelezwe kwamba mwamba ndio chanzo na si uchafu wake, na aulizwe kama ana swali kuhusu namna sampuli ilivyochotwa. Akisema siku ile bomba lilikuwa limefungwa na maji yakachotwa kwenye pipa la jirani, mmepata sababu ya kurudi kupima kabla chati haijatundikwa.