Vikomo vya tanh x na cosh x / e^x: ni kipeo kipi cha kugawanyia?

Nafundisha hisabati ya juu kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Moshi, wengi wao wakiwa wa mchepuo wa PCM, na tunapofika kwenye fanksheni za haipaboliki kuna maswali mawili ambayo siyaachi yapite haraka, ingawa jibu la kila moja linaingia kwenye mstari mmoja. Swali la kwanza linauliza kikomo cha tanh x pale x inapokwenda infiniti, na la pili linauliza kikomo cha cosh x ikigawanywa kwa e^x. Mwanafunzi anayekariri kwamba majibu ni 1 na 1/2 atapata alama zake, lakini swali likigeuzwa kidogo, kwa mfano x ikielekezwa upande wa hasi, hatakuwa na pa kushika.

Tuanze na maana zenyewe, kwa sababu kila kitu kinatoka humo:

```
sinh x = (e^x - e^(-x)) / 2
cosh x = (e^x + e^(-x)) / 2
tanh x = (e^x - e^(-x)) / (e^x + e^(-x))
```

Pale x inapokwenda infiniti, e^x inakua pasipo kipimo na e^(-x) inaelekea sifuri. Kwa hiyo kiasi cha tanh x kinakwenda infiniti, na asili yake nayo inakwenda infiniti, nasi tunabaki na infiniti juu ya infiniti, umbo ambalo peke yake halitoi jibu lolote. Baadhi ya wanafunzi huandika moja kwa moja kwamba infiniti gawanya kwa infiniti ni 1, na kwa tanh x wanapata jibu sahihi kwa bahati tu. Hoja hiyohiyo ikipelekwa kwenye cosh x / e^x, ambako pia juu na chini kuna infiniti, ingetoa 1, ilhali jibu ni nusu. Ndiyo maana napenda kuyaweka maswali haya mawili moja ubavuni mwa jingine ubaoni: la pili linaifichua njia ya mkato ambayo la kwanza linaificha.

Mwanafunzi mwenye bidii zaidi hukimbilia kanuni ya L'Hôpital, ambayo ilichapishwa na mwenye jina hilo mwaka 1696 ingawa aliyemfundisha alikuwa Johann Bernoulli. Hapo ndipo mambo yanapochekesha. Ukidifarenshieti sinh x unapata cosh x, na ukidifarenshieti cosh x unapata sinh x, kwa hiyo sinh x / cosh x inageuka cosh x / sinh x, na ukirudia tena unarudi kwenye sinh x / cosh x. Nimewahi kusimama nyuma ya binti mmoja wa kidato cha sita aliyejaza ukurasa mzima wa daftari kwa mizunguko hiyo, kila mstari ukiwa umenyooka na alama ya usawa imepangwa chini ya mwenzake, kisha akainua kichwa na kusema, "Mwalimu, hii inajirudia tu." Alikuwa sahihi kabisa. Ni kama daladala linalotoka stendi na kurudi stendi bila kushusha abiria hata mmoja. Hakuna hatua iliyokosewa, ila hakuna mahali panapofikiwa, na cosh x / e^x ina mzunguko uleule, kwani inageuka sinh x / e^x kisha inarudi ilikotoka.

Mzunguko wenyewe hauko bure kabisa, na mwanafunzi makini anaweza kuukamua. Kama tunajua tayari kwamba tanh x ina kikomo na tukakiita L, basi mzunguko unasema L = 1/L, yaani L^2 = 1, na kwa kuwa tanh x ni chanya kwa kila x chanya, L ni 1. Lakini sharti la kujua kwanza kwamba kikomo kipo si la kupuuzwa: inabidi kuonyesha kwamba fanksheni inapanda daima na haivuki 1. Kwa upande wa cosh x / e^x kuna ujanja wa kupendeza zaidi. Cosh x ukijumlisha na sinh x unapata e^x kamili, kwa hiyo cosh x / e^x na sinh x / e^x jumla yake ni 1 daima. Kama vikomo vyote viwili vipo na vinalingana, kila kimoja lazima kiwe nusu.

Hata hivyo, njia ninayoitaka kwenye karatasi ya mtihani ni ile isiyohitaji sharti lolote la pembeni. Tunatafuta kipeo kinachotawala kwenye asili, yaani kile kinachokua kuliko vyote pale x inapokwenda tunakoipeleka, kisha tunagawanya kiasi na asili kwa kipeo hicho. Kwa x inayokwenda infiniti kipeo hicho ni e^x. Tukigawanya e^x kwa yenyewe tunapata 1, na tukigawanya e^(-x) kwa e^x tunapata e^(-2x), kwa kuwa vipeo vinatolewa: -x toa x ni -2x. Hapa pana kosa ambalo nalisahihisha mara nyingi, la kuandika e^(-x) gawanya kwa e^x kuwa -1 au e^0, na ndiyo sababu nawataka wanafunzi waiandike hatua hii waziwazi badala ya kuifanya kichwani.

```
tanh x     = (1 - e^(-2x)) / (1 + e^(-2x))
cosh x/e^x = (1 + e^(-2x)) / 2
```

Sasa hakuna tena infiniti popote. Kadiri x inavyokua, e^(-2x) inaelekea sifuri, sehemu ya kwanza inaelekea 1/1 na ya pili inaelekea 1/2. Jambo la kutazama ni kwamba asili imekuwa namba ya kawaida isiyo sifuri, na hilo ndilo lengo zima la kugawanya.

Tukielekea infiniti hasi, wanaokariri hunaswa. Pale x inapokwenda infiniti hasi, e^x ndiyo inayokufa na e^(-x) ndiyo inayokua, kwa hiyo utawala umehama. Mwanafunzi anayegawanya tanh x kwa e^x kwa mazoea atapata tena (1 - e^(-2x)) / (1 + e^(-2x)), na usawa huo ni wa kweli, ila sasa e^(-2x) inakwenda infiniti na yeye amerudi kwenye umbo lilelile alilolikimbia. Dalili ya kwamba umechagua kipeo kisicho chenyewe ni hiyo: baada ya kugawanya, kwenye asili bado kuna kitu kinacholipuka. Tukigawanya kwa e^(-x) tunapata (e^(2x) - 1) / (e^(2x) + 1), e^(2x) inaelekea sifuri, na kikomo ni -1. Hilo linaafikiana na ukweli kwamba tanh x ni fanksheni witiri, ambayo thamani yake kwa -x ni ile ya x ikiwa na alama kinyume.

Cosh x / e^x haina ulinganifu huo, na kuelekea infiniti hasi inafanya kitu tofauti kabisa. Asili yake ni e^x peke yake, basi kipeo kinachotawala kwenye asili bado ni e^x, hata kama kwenye kiasi kinatawala e^(-x). Tukigawanya kwa e^x tunapata (1 + e^(-2x)) / 2, ambayo sasa inakwenda infiniti, na jibu ni kwamba hakuna kikomo ambacho ni namba. Kwa sababu hii nasisitiza neno "kwenye asili". Anayegawanya kwa kipeo kikubwa kuliko vyote popote kilipo atapata (e^(2x) + 1) / (2e^(2x)), yaani kitu kinachoelekea 1 juu ya kitu kinachoelekea sifuri kwa upande wa chanya. Jibu litakuwa lilelile, ila atalifikia kwa hoja ya ziada.

Kikokotoo kinaweza kuthibitisha haya yote, lakini nacho kina mipaka yake. Umbali wa tanh x kutoka 1 ni 2e^(-2x) / (1 + e^(-2x)), takriban 2e^(-2x). Kwa x = 5 kikokotoo kinatoa 0.9999092, na kwa x = 10 kile chenye tarakimu kumi kinaonyesha 0.9999999959. Ukiingiza 13 kinaonyesha 1, na hapo hutokea anayeandika kwamba tanh 13 ni sawa na 1. Si kweli, kwa kuwa kiasi ni kidogo kuliko asili kwa 2e^(-x) daima, na hiyo haifiki sifuri kwa x yoyote. Ni kioo tu kilichoishiwa nafasi. Anayeamua kukokotoa e^x na e^(-x) kimoja kimoja kabla ya kugawanya atakutana na jambo jingine: kwa x = 231 vikokotoo vingi vya kisayansi huandika Math ERROR, kwa sababu e^231 imevuka 10^100. Kwenye kompyuta mpaka uko mbali zaidi, lakini upo:

```
>>> import math
>>> math.exp(710)
OverflowError: math range error
>>> t = math.exp(-1420)
>>> (1 - t) / (1 + t)
1.0
```

Mistari ya mwisho ni ile sehemu yetu iliyokwisha kugawanywa kwa e^x. Kompyuta inaifanya e^(-1420) kuwa sifuri bila kulalamika.

Nimalizie kwa swali ninalolitoa baada ya yale mawili kueleweka, ambalo lina vipeo vinne badala ya viwili: kiasi ni 3 sinh 2x + 7 cosh x, na asili ni 5 cosh 2x - e^x. Kwa infiniti chanya kipeo kinachotawala kwenye asili ni e^(2x), na tukigawanya kwacho kiasi kinaelekea 3/2, asili inaelekea 5/2, na kikomo ni 3/5. Kwa infiniti hasi anayetawala ni e^(-2x). Kiasi kinaelekea -3/2, asili inabaki 5/2, na kikomo ni -3/5. Ukilijaribu kwa x = 6 utapata karibu 0.6041, ambayo bado iko mbali na 0.6 kuliko tulivyozoea kwa tanh x, na sababu yake inaonekana kwenye hatua ya kugawanya: kinachofuata baada ya e^(2x) ni e^x, kwa hiyo mabaki ni ya ukubwa wa e^(-x), wakati kwa tanh x yalikuwa ya ukubwa wa e^(-2x).