Madoa ya viganjani na nyayoni yasiyowasha: kwa nini upimwe kaswende

SWALI: Dokta habari, nina kama wiki mbili nimetokwa na madoa kwenye viganja na nyayo, hayawashi wala hayaumi. Nimepaka dawa ya fangasi, wapi. Rafiki yangu ananiambia nikapime magonjwa ya zinaa, sasa viganja na zinaa wapi na wapi jamani?

JIBU: Salama. Rafiki yako hajakosea. Magonjwa mengi ya ngozi hayapendi kukaa viganjani na nyayoni, na hayo machache yanayokaa pale mengi yanawasha. Ukurutu wa viganja unawasha, upele unawasha hasa usiku na unapenda katikati ya vidole, fangasi nayo huwa inaanzia katikati ya vidole vya mguu, ngozi inabanduka na mara nyingi inawasha. Sasa ukikuta madoa pande zote mbili, mikono na miguu, yametulia tu hayasumbui, la kwanza la kuondoa kichwani ni kaswende hatua ya pili. Bakteria wa kaswende wanaingilia sehemu za siri au mdomoni lakini hawabaki huko, wanaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima, ndo maana yanatokea mikononi.

Siwezi kukwambia ni kaswende kwa kusoma meseji, maana soriasisi, mzio wa dawa na virusi fulani navyo vinaweza kuleta madoa hapo hapo. Na kuna wachache ambao kaswende inawawasha kidogo. Jiangalie vizuri kwenye mwanga: ya kaswende mara nyingi ni madoa bapa saizi ya dengu, rangi kama shaba, kwa ngozi nyeusi yanaonekana kahawia iliyokolea, na pembeni yake kunakuwa na kagamba kembamba kamezunguka. Angalia pia kama una vipele kifuani na mgongoni, matezi yamevimba, koo linakereketa, nywele zinatoka kwa viraka viraka, au mabaka meupe mdomoni. Usipokuta chochote kati ya hivyo bado nenda kapime, kwa sababu kuna watu wanapata viganja tu.

SWALI: Ila sijawahi kuwa na kidonda huko chini wala kutoka usaha, ningejua.

JIBU: Hapa ndo wengi wanapoachwa. Usaha ni mambo ya kisonono, kaswende haina stori hiyo. Inaanza na kidonda kimoja (saa nyingine zaidi) kigumu kwa chini na HAKIUMI, kinatokea kwa wastani wiki 3 baada ya kuambukizwa, ila inaweza kuwa siku 10 mpaka 90. Kikikaa ndani ya govi, kwenye mlango wa kizazi, njia ya haja kubwa au ndani ya mdomo, utakionaje? Halafu kinapona chenyewe ndani ya wiki 3 mpaka 6 hata usipotumia kitu, mtu anasema nilijikata na wembe basi yameisha. Madoa yanakuja wiki kadhaa baadae, au yanaanza kidonda kikiwa bado hakijafunga.

Kwa hiyo usihesabu wikiendi iliyopita, hesabu miezi. Na usianze kumtafuta mchawi, kwa tarehe peke yake hakuna anayeweza kusema nani kampa nani. La kuogopa zaidi ni kwamba madoa haya nayo yanaondoka yenyewe, ukipaka mafuta, ukinywa majani, usipofanya kitu, yataondoka tu, na utaapa kuwa ile krimu ndo imekuponya. Ugonjwa unabaki umejificha ndani na unaweza kuja kuharibu moyo na mishipa mikubwa, ubongo, macho au masikio, miaka mingi baadae, ingawa macho na masikio yanaweza kuguswa hata sasa hivi. Ukiona ukungu machoni au sikio limeanza kuziba ghafla usisubiri, wahi hospitali siku hiyo hiyo, maana matibabu yake ni tofauti.

SWALI: Nimepima dokta. Kile kipimo cha haraka cha kidole kimesema chanya, halafu wakapima RPR wakasema hasi. Niamini kipi?

JIBU: Rudi maabara, na rudi leo. Kipimo cha haraka kinaangalia kinga ya kaswende yenyewe, na ukishaugua kinabaki chanya mara nyingi maisha yako yote hata ukitibiwa ukapona. RPR ndo inayosaidia kujua kama ugonjwa una moto sasa hivi. Kwa mtu mwenye kidole chanya, RPR hasi na hana dalili, tungesema labda alishatibiwa zamani. Lakini wewe una madoa viganjani! Kwenye hatua ya pili kinga zinakuwa nyingi kupita kiasi kwenye damu mpaka zinavuruga kipimo, kinasoma hasi ya uongo. Waambie wazimue damu wapime upya. Fundi wa maabara anayejua kazi yake ataelewa ukimwambia tu una madoa ya viganjani. Na ukiwa pale pale pima VVU, vinatembea njia moja.

SWALI: Wamezimua, imetoka 1:128. Nimechomwa sindano mbili, moja kila tako, usiku nikapata homa na kutetemeka, kichwa kinagonga, madoa yamekuwa mekundu zaidi. Je nina aleji ya penisilini?

JIBU: Hiyo ni penisilini benzathini, yuniti milioni 2.4 zimegawanywa mara mbili, na kwa hatua yako dozi ni hiyo hiyo mara moja. Homa uliyopata kwa maelezo yako ni bakteria wanakufa kwa mkupuo, inaanza saa chache baada ya sindano na inaisha ndani ya saa 24, kunywa maji, meza parasetamo. Aleji ina sura nyingine: mabaka yanayowasha mwili mzima, midomo kuvimba, kifua kubana, na inakuja haraka, mara nyingi dakika chache tu baada ya sindano. Hiyo ni ya kukimbiza mtu hospitali.

1:128 maana yake damu imezimuliwa mara 128 na bado inasoma chanya. Inatakiwa kushuka angalau ngazi mbili, kila ngazi ni nusu, yaani ipite 1:64 ifike 1:32 au chini ya hapo ndani ya miezi 12, kwa hiyo unarudi kupima miezi 6 na 12. Rudia kipimo kile kile cha RPR na ikiwezekana maabara ile ile, ukichanganya na kipimo kingine cha kaswende kama VDRL namba hazilinganishiki.

SWALI: Mke wangu hana dalili yoyote na ana mimba ya miezi 4. Naye achomwe au nisubiri nione?

JIBU: Usisubiri, kaka, mpeleke kesho. Kaswende inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, mimba inaweza kutoka, mtoto akazaliwa mfu au akazaliwa nayo. Apimwe, ila asingojee majibu ndo atibiwe, maana aliyelala na mgonjwa ndani ya siku 90 anaweza kusoma hasi na huku anayo. Kwa mjamzito dawa ni penisilini tu, vidonge vya doksisaiklini vya siku 14 wanavyopewa wenye aleji havimfai. Kama yeye ana aleji asipewe mbadala wa kubahatisha, aende hospitali kubwa wamzoeshe penisilini kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mpaka wote mmetibiwa na madoa yako yamekauka kabisa, hakuna tendo, na kondomu isikudanganye hapa, kama una kidonda au baka nje ya pale inapofunika linaambukiza vile vile.