Watu watatu hawatoshi zamu tatu

Hesabu hii naletewa na karibu kila mwenye hoteli ndogo anayepanga mapokezi yake: siku ina saa 24, zamu ni ya saa 8, kwa hiyo watu watatu wanatosha. Mgawanyo huo ni sahihi kwa siku moja tu, na hoteli haifunguliwi siku moja.

Hesabu kwa wiki. Saa 24 mara siku 7 ni saa 168. Wagawie watatu, kila mmoja anabeba saa 56, bila hata siku moja ya ofu. Katika nchi nyingi kikomo cha kawaida cha wiki ni saa 48 au pungufu, na lazima kuwe na siku ya mapumziko. Kwa saa 48, watatu wanakupa saa 144. Zinabaki saa 24 ambazo hazina mtu, yaani zamu tatu kati ya 21 za wiki. Pengo hilo lipo uliandike usiliandike, na usipolipangia mtu, wafanyakazi wako ndio watakaolijaza kwa miili yao.

Hapo ndipo mwenye hoteli hunijibu kwamba yeye amekwisha kulitatua kwa zamu za saa 12: mchana, usiku, ofu, kisha unarudia. "Wanapumzika kila baada ya siku mbili," huniambia, tena kwa fahari. Ratiba hii inaniudhi kuliko zote kwa sababu kwenye karatasi inapendeza sana. Tuifuate saa kwa saa. Mtu anaingia Jumatatu saa 1 asubuhi, anatoka saa 1 usiku. Jumanne anaingia saa 1 usiku, anatoka Jumatano saa 1 asubuhi. Jumatano ndiyo iliyoandikwa ofu. Lakini amekesha, kwa hiyo anafika nyumbani na kulala mpaka alasiri, anaamka amechoka, jioni inapita, na Alhamisi saa 1 asubuhi yuko kaunta tena. Ofu yake ni zile saa 24 za kutoka usiku kwenda mchana, ambazo kwa mpangilio wowote ule angezihitaji kwa ajili ya usingizi tu. Hana siku hata moja ambayo ameamka nyumbani asubuhi na kulala nyumbani usiku bila kazi katikati. Na wastani wake wa wiki bado ni saa 56, kwa sababu kubadilisha urefu wa zamu hakuongezi mtu wa nne. Akiugua mmoja, wawili waliobaki wanagawana saa 168, yaani 84 kila mmoja.

Matokeo yake hayaji kwa kishindo. Yanaanza kwenye kufunga hesabu za siku: malipo ya chumba kimoja yanaingizwa kwenye bili ya chumba kingine, au chumba kinauzwa mara mbili kwa kuwa aliyepokea simu alfajiri hakuiandika. Ukitaka kujua kama ratiba yako imekwisha kuvunjika, fungua daftari la makabidhiano ulinganishe sahihi na ratiba iliyobandikwa ukutani. Sahihi ya mtu mmoja ikionekana kwenye zamu mbili mfululizo, watu wameanza kuazimana zamu bila wewe kujua, na kuna mtu anakaa kaunta saa 16.

Njia ninayoipendekeza ni meneja, au mwenye hoteli mwenyewe, kuzichukua zile zamu tatu. Wengi huzitawanya, moja Jumatatu, moja Alhamisi, moja Jumapili, kisha wanashangaa kwa nini mtu anatoka saa 5 usiku na kurudi saa 1 asubuhi. Zichukue kwa mfululizo, asubuhi tatu zinazofuatana, katika siku ambazo wageni ni wachache. Tuseme Jumatano hadi Ijumaa.

Zamu ni tatu: saa 1 asubuhi hadi 9 alasiri, 9 alasiri hadi 5 usiku, 5 usiku hadi 1 asubuhi. Kila mtu ana zamu yake ya kawaida, na usiku nauhesabu kwa siku unaoanza. Jumatano wa usiku ana ofu. Usiku wake anauchukua wa jioni, jioni inachukuliwa na wa asubuhi, na asubuhi anakaa meneja. Alhamisi wa usiku anarudi mahali pake, na wa jioni, aliyetoka kukesha, ndiye mwenye ofu, kwa hiyo wa asubuhi anashika jioni kwa mara ya pili. Ijumaa wa asubuhi ana ofu, na wa jioni amerudi jioni. Jumamosi kila mmoja yuko kwenye zamu yake.

Sasa hesabu mapumziko. Wa usiku anatoka Jumatano saa 1 asubuhi na kurudi Alhamisi saa 5 usiku: saa 40. Wa jioni anatoka Alhamisi saa 1 asubuhi na kurudi Ijumaa saa 9 alasiri: saa 32. Wa asubuhi anatoka Alhamisi saa 5 usiku na kurudi Jumamosi saa 1 asubuhi: saa 32 pia. Kila mmoja amefanya zamu sita, na hakuna mahali popote ambapo mtu amepumzika chini ya saa 16 kati ya zamu. Siri yake ni kwamba watu wanasogezwa mbele tu, kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku, na kila anayetakiwa kurudi nyuma anarudi kwa kupitia ofu yake.

Ongeza robo saa ya makabidhiano kila zamu, na uilipe kama muda wa ziada, kwa kuwa inazidi zile saa 48. Bila robo saa hiyo fedha za droo na funguo hazihesabiwi na watu wawili pamoja, na upotevu ukitokea hutajua ulitokea zamu ya nani.

Jambo ambalo bado linanisumbua ni yule wa usiku. Ratiba hii inamwacha usiku karibu wiki nzima, na miili ya watu wengi haizoei kikamilifu kulala mchana, hata baada ya miaka. Nimeona wanaouomba usiku wenyewe na wakaufanya vizuri. Kuwazungusha kila mwezi ni haki zaidi, lakini kila mzunguko unawapa wiki ya kwanza mbaya. Mimi huanza kwa kuuliza nani anautaka, na hapo bado sina raha.

Ratiba hii pia haistahimili likizo. Kila mmoja akienda wiki tatu, una wiki tisa kwa mwaka zenye watu wawili tu. Ama umfundishe mapema mtu wa nne, mara nyingi kutoka usafi wa vyumba, ama ufunge kaunta usiku. Ukiifunga kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi zinabaki zamu 14: wawili wanafanya 12, meneja 2, na hesabu inakaa.

Lakini kufunga kaunta si kuondoa watu jengoni. Lazima awepo mtu anayejua vyumba vipi vina wageni usiku huo na anayeweza kuwatoa moto ukitokea. Akiamshwa saa 8 usiku kumfungulia mgeni, hiyo ni kazi, iandikwe na ilipwe. Mgeni atakayefika baada ya saa 5 apigiwe simu mchana, alipe mapema, na apewe namba ya kisanduku cha ufunguo. Na kabla ya usiku wa kwanza, simama nje ya mlango ubonyeze kengele, mwenzako akiwa chumbani amefunga mlango, ujue kama inasikika.