Tarehe ya mwisho kwa mtoa mada: jinsi ninavyoomba slaidi na wasifu mfupi

Katika kazi yangu ya kuratibu mikutano hapa Arusha, barua ninayoiandika kwa uangalifu kuliko zote ni ile fupi inayomwomba mtoa mada atume slaidi zake na wasifu wake kabla ya mkutano. Mtoa mada anapoambiwa atume "mapema iwezekanavyo" au "mwanzoni mwa Oktoba", hatumi, na sidhani kwamba anapaswa kulaumiwa, kwa kuwa hajapewa tarehe bali amepewa matumaini ya mwandaaji. Kwa maoni yangu, tarehe huwa imara pale tu inapokuwa na sababu inayoweza kutajwa, pamoja na tokeo ambalo mwandaaji yuko tayari kulitekeleza.

Tuchukue mfano wa mkutano wa siku mbili kuhusu maji safi, utakaofunguliwa Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2026. Mmoja wa watoa mada ni mhadhiri atakayezungumzia uondoaji wa floridi katika maji ya visima, jambo linalowagusa sana wakazi wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Washiriki kutoka Burundi na Kongo watasikiliza kwa Kifaransa, hivyo wakalimani watakuwepo.

Tarehe ya mwisho haihesabiwi kutoka siku ya kuandika barua kwenda mbele, bali kutoka siku ya mkutano kurudi nyuma. Jumatano, tarehe 14 Oktoba, ni Siku ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kwa kuwa ni sikukuu ya taifa, hatuwezi kutegemea kwamba mchapaji atakuwa kazini wala kwamba katibu muhtasi wa chuo atapokea simu. Siku ya mwisho ya kazi kabla ya mkutano ni Jumanne, tarehe 13, nayo inahitajika kwa kupanga ukumbi na kujaribu mitambo. Kwa hiyo kijitabu cha ratiba kinapaswa kuwa mikononi mwetu Ijumaa, tarehe 9, na ukiweka muda wa kupanga kurasa, kukagua sampuli, kusahihisha na kuchapa, kinapaswa kwenda kwa mchapaji Jumanne, tarehe 29 Septemba. Hapo ndipo tarehe ya wasifu inapopatikana: Jumatatu, tarehe 28 Septemba. Slaidi hazichapwi, kwa hiyo zinaweza kungoja hadi Jumatano, tarehe 7 Oktoba, ili wakalimani wazipokee Alhamisi asubuhi na kuwa na wiki nzima ya kuandaa istilahi zao.

Waandaaji wengi huomba vitu hivi viwili kwa tarehe moja, nami sioni faida yake. Wasifu ni kazi ya nusu saa, ilhali slaidi ni kazi ya siku kadhaa, na vikifungwa pamoja, kile chepesi hungoja kile kizito.

Barua yenyewe naiandika hivi:

"Ndugu Daktari, tunakushukuru kwa kukubali kutoa mada siku ya Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2026, saa 4:30 asubuhi. Tunakuomba ututumie vitu viwili. Kwanza, wasifu wako mfupi wa aya moja, wenye maneno 80 hadi 100, ulioandikwa kwa nafsi ya tatu, utufikie kabla ya saa 10:00 jioni, Jumatatu, tarehe 28 Septemba. Kesho yake kijitabu cha ratiba kinakwenda kwa mchapaji, na endapo wasifu hautakuwa umefika, tutachapa jina lako na taasisi yako pekee. Pili, slaidi zako zitufikie kabla ya saa 10:00 jioni, Jumatano, tarehe 7 Oktoba, kwa kuwa kesho yake asubuhi tunawakabidhi wakalimani. Takwimu zako unaweza kuzirekebisha hadi saa 6:00 mchana, Jumanne, tarehe 13 Oktoba. Slaidi hizi hazitasambazwa kwa mtu mwingine yeyote bila idhini yako."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Idadi ya maneno na aya moja vimetajwa kwa sababu, pasipo kuvitaja, mhadhiri hutuma wasifukazi wa kurasa nne wenye orodha ya machapisho, nasi tunalazimika kuufupisha wenyewe na kuhatarisha kuacha kile anachokithamini. Nafsi ya tatu inahitajika kwa kuwa aya hiyo hiyo ndiyo mshereheshaji atakayoisoma ukumbini. Saa imetajwa kwa sababu tarehe peke yake huacha usiku mzima ukibishaniwa; na kama mtoa mada yuko Kinshasa, ni vyema kuongeza kwamba saa kumi jioni ya Arusha ni saa nane mchana kwake.

Sentensi kuhusu takwimu na usambazaji ndizo zinazoleta slaidi kwa wakati kuliko ukumbusho wowote. Mtafiti anayechelewa mara nyingi si mvivu. Ama bado anangoja matokeo ya mwisho ya maabara, ama anaogopa kwamba data ambazo hazijachapishwa zitazagaa kabla ya wakati wake. Ukimruhusu kubadilisha tarakimu baadaye, atatuma mpangilio wa mada na istilahi zake, na hivyo ndivyo mkalimani anavyovihitaji zaidi. Hata hivyo, ahadi ya kutosambaza ni lazima itimizwe, na wakalimani waelezwe hivyo wanapokabidhiwa faili.

Tokeo nalo liwe la kweli. Ukiandika kwamba atakayechelewa ataondolewa kwenye ratiba, huku kila mtu akijua kwamba huwezi kumwondoa profesa aliyekwisha kutangazwa, tarehe yako imekufa siku hiyo hiyo. Kuchapa jina na taasisi tu ni tokeo dogo, lakini naweza kulitekeleza bila kumvunjia mtu heshima.

Namkumbusha mtoa mada mara moja kwa barua pepe, wiki moja kabla ya kila tarehe, kisha kwa simu asubuhi ya siku iliyotangulia. Kwa mtu mzima mwenye wadhifa, simu inayoanza na shikamoo na kumjulia hali hufanya kazi kuliko barua tatu za kufuatana, na mara nyingi ni katibu muhtasi wake anayejua faili iko wapi.

Faili ikifika, haijapokelewa mpaka ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25, kwa hiyo slaidi zenye picha nyingi huja kama kiungo, na ukikibofya unaweza kukuta maandishi `You need access`. Hilo likigunduliwa Jumatano jioni ni jambo la simu moja, likigunduliwa asubuhi ya mkutano ni balaa. Naangalia pia kama video imo ndani ya faili au imeachwa kwenye kompyuta ya mwenyewe, na kama herufi zimebadilika. Ndipo ninapomjibu kwamba nimezifungua slaidi zake, nikitaja idadi yake, ili kama ametuma toleo la zamani aligundue siku hiyo hiyo.

Slaidi zikija baada ya tarehe 7, nazipokea kwa shukrani na kuzipeleka kwa wakalimani, lakini namweleza mtoa mada kwamba watakuwa na muda mfupi wa kujiandaa, hivyo azungumze taratibu zaidi na asome kwa sauti kila tarakimu iliyo kwenye skrini.