Kuburuta hadi Trash hakumalizi kazi

"Nimeburuta Spotify hadi Trash nikaimwaga, si ndo imeondoka yote?"

Hapana, iliyoondoka ni apu yenyewe tu, mafaili iliyojitengenezea bado yapo kwenye folda ya Library ya akaunti yako, ambayo Mac inaificha makusudi. Fungua Finder, bofya menyu ya Go huku umeshikilia Option, Library itatokea, au bonyeza Shift+Command+G ubandike hii:

```
~/Library/Caches/com.spotify.client
```

Hapo ndo kwenye kashe ya kufuta, na kwa Spotify inaweza kufika magigabaiti kabisa. Nyingine ya kufuta, humo humo Library, ni folda ya Spotify ndani ya Application Support, na kale kafaili ka setingi com.spotify.client.plist ndani ya Preferences, haka ni kadogo mno hata ukikaacha hakuna shida. Angalia jina vizuri: mafaili mengi yanaitwa kwa kitambulisho cha apu kama hiyo com.spotify.client, kwa hiyo ukitafuta "Spotify" kwa jicho tu utayaruka.

Usifute Application Support nzima jamani, humo kuna data za apu nyingine, na chochote kinachoanza na com.apple kiache. Ukimaliza mwaga Trash, la sivyo nafasi hairudi.