Brosha ya Kiswahili na Kiingereza: dhana potofu zinazoharibu maana, na ukweli wake

Hapa nasemea ile brosha ya A4 inayokunjwa mara mbili ikawa paneli tatu, Kiswahili safu ya kushoto na Kiingereza kulia, ambayo kila kijiji chenye kivutio sikuhizi kinataka kuwa nayo. Mfano nitautoa Pemba, tuseme kikundi cha kijiji kinachopeleka wageni kuwaona popo wakubwa mitini, kwa sababu mfano huo una kila kitu ndani yake: bei, saa, masharti, na sentensi moja ambayo ikikosewa basi brosha nzima haina maana.

Wanasema: tafsiri ikishapita kwa mhariri, kilichobaki ni kazi ya dizaina tu

Si kweli, na maana nyingi hufa hapa khasa, baada ya mhariri kusema "safi" na kwenda zake. Chukua upana kwanza. Paneli ni milimita 100, toa pambizo 7 kila upande, toa nafasi 6 katikati ya safu mbili, inabaki milimita 40 kwa kila lugha. Kwa fonti ya pointi 9 hapo zinaingia herufi kama 25 kwa mstari, ukihesabu na nafasi. Ni kidogo sana hiyo.

Sasa tizama sentensi hii, nimeikata kama itakavyokaa kwenye safu:

Popo wa Pemba ni mkubwa,
anapatikana kisiwani humu
tu.

Dizaina anaona "tu" imebaki peke yake mstari wa tatu, inaonekana mbaya, na upande wa Kiingereza sentensi imeisha mistari miwili. Anaifuta. Herufi mbili tu zimeondoka, hakuna atakaeshtuka, lakini Kiingereza bado kinamwambia mgeni kwamba popo huyu hayupo pengine popote duniani (na ni kweli, popo wa Pemba ni wa Pemba peke yake) wakati Kiswahili kinamwambia mtoto wa skuli ya Wete kwamba popo wapo kisiwani, jambo ambalo mtoto alilijua tangu azaliwe. Yaani ile sababu nzima ya kuwahifadhi imetoka kwenye safu ya wale wale wanaoishi nao.

Dawa yake ni kuiandika upya sentensi, usinyofoe neno. Mfano:

Popo huyu mkubwa yupo
Pemba tu.

Mistari miwili, na "tu" ipo. Kwa hiyo mhariri lazima awepo wakati maandishi yanamiminwa kwenye layauti, na dizaina apewe sheria moja rahisi: maneno kama tu, isipokuwa, kama, hadi, chini ya, angalau, hayafutwi bila ya kuulizwa mtu. Nafasi ikikosekana arudishe kwa mhariri, hata kama ni saa nne usiku na mtu wa machapisho anasubiri.

Wanasema: Kiswahili ni kirefu, kwa hiyo kipunguzieni fonti

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Hebu tuhesabu. "Hamtaruhusiwa kuingia" ni maneno mawili, herufi 21 na nafasi yake. Kiingereza cha maneno hayo hayo, ukikiandika kikamilifu, ni maneno saba na herufi 32. Nani mrefu hapo?

Tatizo la Kiswahili kwenye safu nyembamba ni pahala pa kukatia. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na ukanusho vyote ndani ya neno moja, basi katika zile herufi 21 kuna nafasi moja tu ya kuvunja mstari, wakati Kiingereza kina nafasi sita. Neno la herufi 13 likikosa kuingia linashuka lote chini na kuacha shimo juu yake, na mashimo ndiyo yanayorefusha safu, sio lugha.

Ukipunguza fonti ya Kiswahili iwe 8 na Kiingereza kibaki 9 utapata nafasi kweli, lakini mtu akiifungua tu anaona lugha moja ni ya mwenye nyumba na nyengine imekaribishwa barazani. Na brosha iko Pemba!

Vitu vitatu vinasaidia zaidi. Kwanza upana usigawe sawa kwa sawa, kipe Kiswahili milimita 44 na Kiingereza 36, hakuna msomaji anayekwenda na rula, na zile milimita 4 ni kama herufi mbili au tatu kwa kila mstari. Pili usinyooshe pande zote mbili za safu, acha kulia kuwe na mawimbi, maana ukilazimisha kunyooka na maneno marefu unapata mianya mipana katikati ya mstari. Tatu zima ukataji wa maneno. Kwenye InDesign, kama lugha ya aya imebaki English basi programu inakata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza na unaweza kuona "kumbatia" imekatwa "kum-batia" wakati silabi yetu ni ku-mba-ti-a. Ondoa tiki ya `Hyphenate` kwenye staili ya aya ya Kiswahili, na lugha yake iweke `[No Language]`, baada ya hapo pakiwa na neno la lazima kukatwa likate kwa mkono, mwisho wa irabu.

Na angalia ile alama ndogo nyekundu ya kujumlisha, kona ya chini kulia ya fremu. Hiyo maana yake kuna maandishi yamefichwa hayakuingia, na ukitoa PDF hayatotoka. Kwa wanaotumia Word na jedwali, ugonjwa huo huo unatokea pale urefu wa safu mlalo umewekwa `Exactly`, mstari wa mwisho unamezwa kimya kimya na hakuna alama yoyote ya kukwambia, utaujua kwenye karatasi tu.

Wanasema: namba hazina lugha, hakikisha tu zinafanana pande zote mbili

Ndo kwanza namba ndizo za kuziogopa. Matembezi yanaanza saa 10:00 alasiri. Upande wa pili ni 4:00 p.m. Anakuja mtu makini, kijana mzuri, kaambiwa alinganishe tarakimu, anaona 10 huku na 4 kule, "anarekebisha". Sasa ama mgeni anaandikiwa 10:00 p.m. na kufika saa nne usiku, ama mwenyeji anaandikiwa saa 4:00 alasiri, saa ambayo haipo.

Saa za Kiswahili na za Kiingereza hupishana sita, siku zote. Kwa hiyo kagua kinyume na anavyofikiria huyo kijana: ukikuta saa zinafanana pande zote mbili jua upande mmoja umeharibika. Dakika ndizo zinazofanana. Na kwenye Kiswahili usiache saa peke yake, andika asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, maana brosha hii hii itasomwa na Mtanzania aliyezoea kuangalia simu na kutaja saa ya Kizungu kwa tarakimu za simu.

Bei nazo. "Watoto hadi miaka 12 nusu bei" na "watoto wa chini ya miaka 12 nusu bei" zinapishana kwa mtoto mmoja tu, yule mwenye miaka 12 kamili, na huyo ndiye atakaekuja na mama yake mlangoni wakashikana na karani. Pia yale makundi: ukiandika "wageni" na "wenyeji" kwa Kiswahili na upande wa pili makundi yamegawiwa kwa ukaazi, je yule Mjarumani mwenye kibali cha kuishi anayefanya kazi Chake Chake anaingia wapi? Muulize mwenye kikundi anatoza vipi kwa kweli, halafu andika makundi hayo hayo pande zote. Mhariri asibuni.

Wanasema: Kiingereza ndo asili, Kiswahili kifuate

Mara nyingi Kiingereza ndicho kilichovuja. Anaekiandika ni mfadhili au kijana wa utalii, anasema kelele ni marufuku. Mfasiri wetu, kwa adabu zetu, anaandika "wageni wanaombwa wasipige kelele". Kila sentensi ukiitazama peke yake ni nzuri. Ukiziweka pamoja, mgeni wa nje kapewa sheria na mgeni wa ndani kapewa ombi, na popo waliolala mchana kwenye matawi hawajui lugha, wanaruka tu mtu akipiga makofi.

Hapo unarudi kwa wenyewe: ni sheria au ni ombi? Ikiwa sheria, andika "Usipige kelele wala makofi", na adabu iweke pahala pengine, kwenye karibu. Ikiwa ni ombi, kilainishe Kiingereza. Tena ukiona Kiswahili kimebanwa na Kiingereza kina sentensi mbili zinazosema kitu kimoja (kinapenda hivyo, khasa cha utalii, "pepo iliyofichika" na kadhalika), kata kule. Nafasi ya Kiswahili mara nyingi iko ndani ya mafuta ya Kiingereza.

Wanasema: kila mstari ukae sambamba na mwenzake

Hapana, utajitesa bure. Kinachotakiwa kukaa sambamba ni vichwa na mwanzo wa kila aya. Ndani ya aya acha Kiswahili kiwe mistari sita na Kiingereza mitano, mstari mtupu hauumi. Njia rahisi ni jedwali lisilo na mistari, kila wazo na safu mlalo yake, basi aya inayofuata inaanza pamoja yenyewe.

Kulinganisha maana mie nafanya hivi: natafuta watu wawili ambao hawajaiona kazi, mmoja nampa Kiswahili na safu ya pili nimeikunja nyuma, mwengine Kiingereza vile vile, halafu nawauliza maswali yale yale. Unafika saa ngapi, mtoto wa miaka 12 analipa ngapi, usafiri umo ndani ya bei au haumo, ukipiga makofi nini kitatokea. Majibu yakipishana unajua sentensi gani ya kurudia, na hawana haja ya kujua lugha zote mbili, afadhali hata wasijue, kwa sababu anayejua zote mbili anajaza mwenyewe kilichokosekana upande mmoja.

Prufu ichapishwe kwenye karatasi, `Actual size`, sio `Fit`, maana `Fit` inapunguza na herufi utakazozisoma hazitokuwa za pointi 9. Ikunje. Paneli inayoingia ndani inatakiwa iwe milimita 97 na zile mbili 100, la sivyo inajikunja ncha, na hizo milimita 3 zinatoka kwenye safu zenu, kwa hiyo maandishi yaliyokaa vizuri paneli ya kwanza yanaweza kumwagika kwenye hiyo ya ndani. Jedwali la bei lisiwekwe hapo.