Wekundu wa Quick Mask si alama ya kufutwa: dhana potofu na ukweli

Quick Mask hukuwezesha kupaka uteuzi kwa brashi badala ya kuuchora kwa mstari. Ni njia nzuri pale ambapo zana za kuchagua zenyewe zinashindwa: kitu chenye rangi inayokaribiana na ya nyuma yake, kivuli kilichogusana na kitu, au ukingo usioeleweka unaishia wapi. Matatizo mengi hutokea dakika ya mwisho, mtu anapobonyeza Delete na kuona kimefutika kisichotarajiwa. Maelezo haya yanaifuata GIMP, programu ya kuhariri picha, na mfano wake ni mmoja: picha ya kikombe cheupe chenye mkono, kimewekwa juu ya meza ya rangi ya maziwa, nasi tunataka kukibakiza kikombe peke yake.

Dhana: Sehemu iliyofunikwa na rangi nyekundu ndiyo itakayofutwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka, kwa sababu nyekundu tumezoea kuiona kama alama ya kuondoa. Kwenye Quick Mask mambo ni kinyume. Wekundu unaonyesha eneo ambalo *halijachaguliwa*, yaani lililokingwa. Sehemu inayoonekana kwa rangi zake za kawaida ndiyo iliyochaguliwa, na Delete hufuta kilichochaguliwa. Kwa hiyo ukikiacha kikombe wazi, meza ukaijaza wekundu, kisha ukabonyeza Delete, kitakachoondoka ni kikombe.

Njia za kutoka ni mbili. Unaweza kupaka wekundu juu ya kikombe chenyewe na kuiacha meza wazi. Au unaweza kukiacha kikombe wazi, utoke kwenye maski, kisha ugeuze uteuzi kwa `Ctrl+I` kabla ya kufuta. Ya pili ni bora unapopaka kwa mkono, kwa sababu unahitaji kukiona kikombe vizuri unapofuata ukingo wake, na wekundu juu yake ungekufichia vivuli vidogo vinavyokuonyesha kinaishia wapi.

Waliojifunzia Photoshop hukumbana na jambo jingine. Huko, ukiingia Quick Mask bila uteuzi wowote, picha hubaki safi, nawe unaanza kwa kupaka nyeusi. Kwenye GIMP, ukibonyeza `Shift+Q` bila uteuzi, picha nzima inakuwa nyekundu, kwa kuwa hakuna kilichochaguliwa, nawe unaanza kwa kupaka nyeupe. Picha kuwa nyekundu yote si hitilafu.

Dhana: Unapaka rangi nyekundu juu ya picha, kwa hiyo chagua nyekundu.

Ukiwa ndani ya Quick Mask hupaki picha. Unapaka chaneli ya muda, na chaneli hiyo haina rangi: ina nyeusi, nyeupe na vijivu vya katikati tu. Nyeupe huchagua, nyeusi huondoa kwenye uteuzi, kijivu huchagua kwa kiasi. Ukishika nyekundu halisi, programu huigeuza kuwa kijivu kilichokoza, na eneo ulilodhani umelikinga kabisa linakuwa limechaguliwa kidogo. Dalili yake utaiona baadaye: baada ya Delete, sehemu ya kikombe iliyopaswa kubaki nzima imefifia na vyumba vya ubao wa dama, ambavyo ni alama ya uwazi, vinaonekana kupitia kwake.

Basi kabla ya mpako wa kwanza bonyeza `D`, rangi zirudi kuwa nyeusi na nyeupe, kisha utumie `X` kuzibadilisha nafasi kila unapotaka kuongeza au kupunguza. Hakikisha pia Opacity ya brashi iko 100, kwani brashi iliyoachwa kwenye 60 kutoka kazi ya jana inaleta tatizo hilohilo. Kifutio hakikusaidii lolote la ziada: chaneli hii haina uwazi, kwa hivyo kifutio kinapaka tu rangi ya nyuma iliyowekwa kwenye kisanduku cha zana.

Dhana: Ni lazima upake kila kitu kuanzia mwanzo.

Si lazima, na ni kupoteza muda. Anza na uteuzi wa harakaharaka, kisha Quick Mask iwe ya kurekebisha. Kwa kikombe chetu kazi inakwenda hivi.

Kwanza fungua `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`. Picha ya JPEG haina uwazi, na ukiruka hatua hii Delete haitaacha sehemu tupu, itajaza rangi ya nyuma. Wengi huona weupe umetokea nyuma ya kikombe wakadhani kazi imekwisha. Wanagundua tu wanapokiweka kikombe juu ya rangi nyingine na kile kisanduku cheupe kikakifuata.

Kisha shika zana ya Free Select kwa `F` na uzungushe mstari wa ovyo karibu na kikombe. Usihangaike na usahihi. Bonyeza `Shift+Q`, na sasa kila kilicho nje ya mstari wako ni chekundu. Shika Paintbrush kwa `P`, chagua brashi `2. Hardness 075`, na kwa picha ya upana wa pikseli 3000 hivi anza na ukubwa wa 40. Kuza picha mpaka asilimia 200. Kwa nyeusi, sukuma wekundu kutoka mezani hadi uguse ukingo wa kikombe. Ukiingia ndani kwa bahati mbaya, bonyeza `X` na urudishe kwa nyeupe. Mabano `[` na `]` hupunguza na kuongeza ukubwa wa brashi, na kwenye mkono wa kikombe utahitaji kushuka hadi 10 au 12. Kwenye sehemu iliyonyooka, kama ubavu wa kikombe, bofya mara moja juu, shikilia `Shift`, bofya tena chini: brashi itaunganisha nukta hizo mbili kwa mstari mnyoofu, na mkono wako hautatetemeka.

Usisahau tundu la mkono. Liko ndani ya kikombe kwa jicho, lakini linaonyesha meza, kwa hiyo lipake nyeusi.

Kama kitu unachokikata ni chekundu chenyewe, wekundu wa maski hautaonekana. Bofya kwa kitufe cha kulia kile kitufe kidogo cha Quick Mask kilicho kwenye kona ya chini kushoto ya dirisha la picha, chagua `Configure Color and Opacity`, na uweke kijani au bluu. Hapohapo pandisha Opacity kutoka 50 hadi 90 kwa muda: mapengo madogo kati ya mipako, ambayo kwa nusu wekundu hayaonekani, yatajitokeza mara moja. Ukipenda kuhakikisha zaidi, tazama kijipicha cha Quick Mask kwenye kichupo cha Channels. Kinaonyesha maski kwa nyeusi na nyeupe, na doa jeupe lililosahaulika katikati ya meza haliwezi kujificha.

Dhana: Ukimaliza kupaka, bonyeza Delete.

Ukibonyeza Delete ukiwa bado ndani ya Quick Mask, amri inaangukia maski, si picha. Kama rangi ya nyuma ni nyeupe, wekundu wote hutoweka kwa mpigo na kazi yako yote ya kupaka huondoka nao, huku picha ikiwa haijaguswa. `Ctrl+Z` huirudisha, ilimradi umegundua mapema.

Mpangilio sahihi ni huu: `Shift+Q` kutoka, `Ctrl+I` kugeuza, kisha Delete. Kabla ya Delete hakikisha pia kwamba kwenye kichupo cha Layers umebofya leya ya picha yenyewe.

Dhana: Ule mstari unaotembeatembea ndio ukingo halisi wa uteuzi.

Ukitoka kwenye maski, uteuzi unaonyeshwa kwa mstari wa vipande vinavyotembea. Mstari huo unapita pale tu ambapo uteuzi umefika nusu. Pikseli iliyochaguliwa kwa asilimia 20 iko nje ya mstari, lakini Delete itaipunguza kwa asilimia 20 vilevile. Iliyochaguliwa kwa asilimia 80 iko ndani ya mstari, lakini haitafutika yote. Ndiyo maana mtu hutazama mstari uliokaa sawasawa kwenye ukingo, akafuta, kisha akaona ukungu mwembamba umebaki kuzunguka kikombe. Mstari haukuweza kumwonyesha ulaini ule. Wekundu wa Quick Mask unauonyesha, kwa sababu hufifia taratibu pale uteuzi ulipo wa kiasi, na hilo kwangu ndilo linaloipa njia hii thamani kubwa zaidi. Ukitilia shaka ukingo, rudi kwa `Shift+Q` uutazame tena badala ya kuuamini mstari.

Dhana: Ukungu ukibaki, bonyeza Delete tena na tena hadi uishe.

Ukungu utapungua, ni kweli, lakini kikombe nacho kinaliwa. Kila Delete hupunguza kwa kiwango kilekile cha uteuzi, kikihesabiwa juu ya kilichobaki. Pikseli ya ukingo wa kikombe iliyochaguliwa kwa asilimia 20 inabaki na 80 baada ya Delete ya kwanza, 64 baada ya pili, na takriban 51 baada ya tatu. Iliyochaguliwa nusu inashuka kutoka 50 hadi 25 hadi 12.5. Ulaini ulioupaka kwa makusudi, ule unaofanya kikombe kikae kwa upole juu ya sehemu mpya, unakwisha, na ukingo unabaki mkali wenye vingazi.

Chanzo cha ukungu ni kwamba pikseli za ukingo zilizobaki nusu wazi bado zinabeba rangi ya meza. Juu ya nyuma nyeupe huzioni. Weka leya mpya chini ya kikombe, uijaze rangi nyeusi au bluu iliyokoza, na utaziona kama utepe. Zikiwepo, bonyeza `Ctrl+Z` mara kadhaa hadi leya mpya iondoke na Delete yenyewe itenguliwe, na huku uteuzi wa meza ukiwa bado hai fungua `Select > Grow`, weka pikseli 1, kisha ufute mara moja tu. Uteuzi umeingia kidogo ndani ya kikombe, na ule utepe unaondoka nao. Pikseli 1 hutosha kwa brashi ya 075. Kama ulitumia `2. Hardness 025`, ukingo ni mpana zaidi, na ni heri kurudi kwenye maski na kuupaka upya kwa brashi ngumu.

Dhana: Uteuzi uliopakwa unahifadhiwa pamoja na picha.

Chaneli ya Quick Mask hutoweka unapotoka, na uteuzi wenyewe hupotea kwa `Ctrl+Shift+A` moja. Kabla ya Delete, tumia `Select > Save to Channel`, kisha hifadhi kazi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe. Kesho ukihitaji kurekebisha tundu la mkono, utaurudisha uteuzi kutoka kwenye chaneli hiyo. Nakala ya kutumia itoe kwa PNG, kwa kuwa JPEG hairuhusu uwazi na itakurudishia rangi nyuma ya kikombe.